Kazimoto si Kezilahabi

Mwanafunzi wa kidato cha sita ameniuliza tena, na kabla yake aliniuliza mwalimu wake: Kazimoto wa *Kichwamaji* si ndiye Kezilahabi mwenyewe? Wengine hawaulizi hata. Wanaandika kwenye insha kwamba mwandishi amejieleza kupitia mhusika huyo, wanataja kijiji alikozaliwa na mwaka, kisha wanahesabu kwamba riwaya imechambuliwa. Haijachambuliwa. Haijaguswa.

Najua dhana hii inatoka wapi. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazimoto naye ni mtu wa Ukerewe, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao na kukuta hawezi tena kukaa na watu wake kama zamani. Riwaya ilitoka mwaka 1974, mwandishi akiwa kijana bado, na imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msomaji anajumlisha kisiwa, chuo, umri na "mimi", anapata jina la mwandishi.

Jibu la haraka ni kwamba Kazimoto anajiua riwayani, ilhali Kezilahabi aliishi, akafundisha, akaandika riwaya nyingine kadhaa, na kufariki Januari 2020. Lakini jibu hilo halimnyamazishi mtu. Ataniambia kwamba hazungumzii matukio, anazungumzia moyo: mwandishi alikuwa amekata tamaa na maisha, ndiyo maana mhusika wake akakata tamaa. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapofika mwisho. Muulize amejuaje kwamba Kezilahabi wa miaka ile alikuwa amekata tamaa. Hakuwahi kusoma barua zake wala kuongea na waliokaa naye. Amejua kwa kusoma *Kichwamaji*. Yaani amechukua huzuni kitabuni, akaipandikiza katika maisha ya mwandishi, kisha akairudisha kutoka maishani ili ieleze kitabu. Ushahidi wake na kile anachotaka kukithibitisha ni kitu kimoja. Mzunguko huo unaweza kujaza kurasa nne za insha bila kutuambia neno lolote ambalo hatukulijua tulipofunga kitabu.

Na hasara yake si kupoteza wino tu. Inafuta jambo kubwa kuliko yote katika riwaya hii. Tazama kinachotendeka. Manase, mtu aliyesoma na mwenye cheo serikalini, anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Msichana anaharibikiwa na mwishowe anakufa. Kazimoto anatusimulia uchungu huo kwa nguvu, nasi tuko upande wake. Kisha anaamua kulipiza kisasi, na njia anayoiona ni Sabina, dada yake Manase. Anataka kumfanyia dada wa mtu jambo lilelile lililomwua dada yake yeye. Baadaye mambo yanageuka, Sabina anakuwa mkewe, lakini nia ile tumekwisha kuisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Sasa jiulize: je, Kazimoto analiona hilo? Anaona ubaya wa Manase waziwazi. Ubaya wa mpango wake anausimulia kama haki. Sabina katika mpango huo hana kosa wala sauti, ni chombo cha kumfikia kaka yake. Mwandishi ametupa msimulizi mwenye akili nyingi, anayehoji Mungu, wazazi, serikali na elimu, halafu akaacha mahali pamoja ambapo akili hiyo haijichungulii. Sisi wasomaji tunaona kinachompita msimulizi. Nafasi hiyo, kati ya anachokiona Kazimoto na tunachokiona sisi, ndiyo inayoibeba riwaya. Ukishasema Kazimoto ni Kezilahabi umeiziba. Mawazo ya mhusika yanakuwa hotuba ya mwandishi, kisasi chake kinakuwa msimamo wa mwandishi, na kila anachosema kuhusu wanawake kinaandikwa kwenye insha kama "falsafa ya Kezilahabi". Nimesoma insha za namna hiyo. Zinamsingizia marehemu mambo ambayo riwaya yake imeyaanika ili tuyahukumu.

Sisemi wasifu utupwe. Una kazi yake, na kazi hiyo inaonekana vizuri zaidi katika *Rosa Mistika*, riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1971. Familia ya Zakaria na Regina anaiweka Namagondo, kijiji chake cha kuzaliwa, kwa jina lake halisi. Jina la kitabu ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, na mwandishi alipitia seminari. Hapo maisha yanatueleza alikotoa udongo: anajua nyumba hizo na sala hizo kwa sababu aliishi nazo. Kinachofinyangwa kwa udongo huo hakimo katika wasifu. Kwamba jina la Bikira anapewa binti yao Rosa, msichana ambaye mchumba wake Charles atamkataa kwa sababu si bikira, hilo limo kitabuni. Kwamba kipigo cha Zakaria, baada ya kukamatwa kwa barua ya Charles, kinakuja kwanza, kabla Rosa hajaenda shule ya bweni na kabla hajajua mwanamume yeyote, hilo nalo ni mpangilio wa kitabu, na mpangilio huo ndio unaoelekeza kidole kwa baba. Hata ukigundua kesho kwamba Namagondo palikuwa na Rosa wa kweli, bado hutakuwa umeeleza kwa nini kipigo kimewekwa pale.

Kwa anayeandika insha wiki hii, fanya hivi. Soma riwaya kabla ya kusoma maisha ya mwandishi, si baada. Kila dai liandikie tukio na ukurasa. Lisilo na ukurasa liondoe. Andika "msimulizi" au "Kazimoto" pale anaposema Kazimoto, na jina la Kezilahabi uliweke kwa ajili ya uamuzi wa kisanaa: nani asimulie, nini kitangulie, nini kifichwe. Funika jina kwenye jalada kisha usome dai lako. Likianguka, lilikuwa limeegemea jalada. Angalia miaka pia. Kezilahabi alipata shahada ya uzamivu Wisconsin mwaka 1985, kwa hiyo aliyosoma kule unaweza kuyakumbuka unapofika kwenye *Nagona* ya mwaka 1990, si kwenye *Kichwamaji*. Wasifu ukikusaidia, sema umekusaidia wapi: mahali, lugha, imani, kipindi cha kuandikwa, mazingira ya uchapishaji. Ukitaka kuutumia kueleza moyo, leta maneno ya mwandishi mwenyewe nje ya riwaya, na hata hayo yapime. Kitabu kama *Maisha Yangu* cha Shaaban Robert kiko mbali na haya, kwa maana mwandishi ametangaza kwamba anajizungumzia. *Kichwamaji* hakikutoa tangazo hilo.

Nawaomba na walimu wenzangu wanaosahihisha. Mwanafunzi akiandika kwamba Kazimoto ni Kezilahabi, msimpe alama kwa kujua kijiji cha Namagondo. Mwandikieni pembeni: onyesha katika matini. Akirudi na ukurasa ambao Kazimoto anapanga kisasi kwa Sabina, hapo mpeni alama zake zote.