Oda Tatu, Dau Moja

Alhamisi ya tarehe 10 Novemba 2022, saa 10:30 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Marekani ilitangaza takwimu za mfumuko wa bei wa mwezi Oktoba. Wachumi wengi walitarajia karibu asilimia 8, ikatoka 7.7. Soko likaona benki kuu ya Marekani haitakuwa na haja ya kuendelea kupandisha riba kwa kasi ile ile, na dola ikaporomoka papo hapo. Yuro, iliyokuwa karibu sawa kwa sawa na dola, ilifika karibu 1.02 kabla ya siku kwisha. Pauni ilitoka kwenye 1.14 hivi hadi kwenye 1.17, na dola iliyokuwa ikinunua faranga 0.98 za Uswisi ikashuka chini ya 0.97.

Tuchukue treda wa mfano aliyekuwa sokoni jioni hiyo akiwa na akaunti ya dola 1,000. Ni mtu mwenye nidhamu: hahatarishi zaidi ya asilimia 2 katika oda moja, yaani dola 20. Amefungua oda tatu. Ameuza EURUSD kwa yuro 4,000, ameuza GBPUSD kwa pauni 3,000, na amenunua USDCHF kwa dola 4,000. Kila oda ameiwekea kikomo cha hasara. Ile ya yuro, kwa mfano, itajifunga bei ikimgeuka kwa pipsi 50, yaani 0.0050, na 4,000 mara 0.0050 ni dola 20 kamili.

Kwenye skrini anaona jozi tatu za sarafu, mbili za kuuza na moja ya kununua. Anaamini ameigawa hatari yake mafungu matatu: yuro ikimwangusha, faranga huenda ikamwokoa. Zilipotoka takwimu, vikomo vyote vitatu viliguswa. Hata vingejifunga pale pale alipoviweka, bila bei kuruka, ameshapoteza dola 60. Hiyo ni asilimia 6 ya akaunti kwa habari moja tu.

Kosa linaonekana ukiacha kuhesabu oda ukaanza kuhesabu sarafu. Kila oda ya soko hili ina pande mbili, kwa maana huwezi kununua sarafu moja bila kuuza nyingine. Aliyeuza yuro 4,000 amepokea dola zipatazo 4,000. Aliyeuza pauni 3,000 kwa 1.14 amepokea dola 3,420. Aliyenunua USDCHF ana dola 4,000 nyingine mkononi. Jumla ni dola 11,420 zilizonunuliwa na mtu mwenye akaunti ya dola 1,000. Majina ya jozi yalikuwa matatu, lakini dau lilikuwa moja: dola itapanda.

Kujua jozi mbili zinafuatana kwa kiasi gani, watu wa soko hutumia kipimo cha uwiano, kinachoanzia -1 hadi 1. Zikienda pamoja daima, kipimo ni 1. Zikipishana daima, ni -1. Kikiwa 0, mwendo wa moja haukuambii lolote kuhusu mwendo wa nyingine. Lakini namba hiyo haijitoshelezi. Lazima itazamwe pamoja na upande wa oda. EURUSD na USDCHF kwa kawaida hupishana, hivyo kipimo chake huwa hasi. Mtu anayeuza ya kwanza na kununua ya pili ameugeuza upishano huo kuwa ufuatano, na oda zake zitapata pamoja au zitakosa pamoja.

Namba yenyewe hubadilisha hesabu ya hatari. Tuseme kila moja ya oda tatu huyumba kwa dola 20 kwa siku ya kawaida. Kama hazina uhusiano wowote, siku moja hii inapanda na ile inashuka, na akaunti nzima huyumba kwa dola 35 hivi. Uwiano ukiwa 0.8 kati ya kila mbili, huyumba kwa dola 56. Ukifika 1 ni dola 60. Kwa hiyo pale penye 0.8, oda ya pili na ya tatu zinazidisha dau lile lile, na kinga zinayotoa ni ndogo sana.

Hatari hujificha hata zaidi pale oda zinapoonekana kufutana. Mwezi Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi iliweka sakafu: yuro moja isishuke chini ya faranga 1.20. Kwa miaka zaidi ya mitatu, EURUSD na USDCHF zilikuwa zikipishana karibu kikamilifu. Mtu aliyenunua zote mbili aliona faida ya moja ikifuta hasara ya nyingine, akajiona salama, maana oda moja ilikuwa dhidi ya dola na nyingine upande wa dola.

Dola zilifutana kweli, ila kuna kilichobaki. Kununua EURUSD ni kushika yuro na kudaiwa dola, na kununua USDCHF ni kushika dola na kudaiwa faranga. Ukiondoa dola, mtu huyu ameshika yuro na anadaiwa faranga. Hesabu inathibitisha: 1.1750 mara 1.0215 ni 1.2003, yaani bei ya yuro kwa faranga, imekaa juu ya sakafu ile ile. Alikuwa ameweka dau kwamba benki kuu haitaiondoa sakafu, na hakuna mahali kwenye skrini yake palipoandikwa hivyo.

Tarehe 15 Januari 2015 benki ikaiondoa bila kuonya. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa imezama chini ya faranga moja, kisha ikapanda kidogo. Kwa mwenye yuro 4,000 za namna hiyo, kutoka 1.20 hadi 1.00 ni hasara ya faranga 800, zaidi ya dola 900 kwa bei ya siku hiyo. Vikomo vya hasara havikusaidia sana, kwani kati ya bei moja na nyingine hapakuwa na mnunuzi. Wateja wengi waliishia kuwadai madalali sifuri na kudaiwa wao. Dalali FXCM alitangaza kwamba wateja wake wanadaiwa takriban dola milioni 225 na akalazimika kukopa dola milioni 300. Alpari ya Uingereza ilifilisika.

Kujikagua hakuhitaji programu ya gharama. Kabla ya kufungua oda mpya, treda aandike sarafu zote alizonazo, kwa kila moja ajumlishe alichoshika na kutoa anachodaiwa. Kisha aipime kila jumla dhidi ya akaunti. Uwiano anaweza kuukokotoa kwenye Excel, akiweka mabadiliko ya kila siku ya jozi moja safu B na ya jozi nyingine safu C:

```
=CORREL(B2:B61,C2:C61)
```

Aweke mabadiliko ya asilimia, siyo bei zenyewe, kwa sababu bei mbili zinazopanda kwa muda mrefu hutoa uwiano mkubwa hata zisipohusiana. Na arudie kwa vipindi tofauti, siku 20, siku 60, mwaka, kwani majibu hutofautiana. Akikuta oda tatu ni dau moja, zile dola 20 azigawe kwa zote, 7 hivi kila moja, au abaki na oda moja anayoielewa zaidi.

Mipaka ya kipimo nayo ni ya kuangaliwa. Kinasoma siku zilizopita, na namba ya siku 60 ya Januari 14, 2015 isingeonyesha lolote la kutisha kuhusu faranga. Siku za habari nzito hata vitu visivyofanana hufuatana: jioni ile ya Novemba 2022 dhahabu ilipanda pamoja na yuro, yeni na pauni, na kipimo cha hisa za Marekani cha S&P 500 kikafunga kikiwa juu kwa asilimia 5.5. Treda aliyekuwa ameuza dhahabu na hisa hizo ili kuepuka kurundika sarafu alikuwa bado ameweka dau lile lile, kwamba mfumuko wa bei Marekani ungebaki juu. Kwa hiyo karibu na orodha ya sarafu inafaa iwepo orodha ya pili: kwa kila oda, ni tangazo gani linaloweza kuipiga, na saa ngapi.