Tigo Pesa Ikiwa Mixx by Yas: Kubadili Jina Bila Kuvuruga Slaidi

Novemba 2024, kampuni ya simu ya Tigo nchini Tanzania ilianza kuitwa Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ikawa Mixx by Yas. Mabango yalibadilishwa barabarani. Kazi isiyoonekana ilibaki kwenye kompyuta za wakufunzi, wauzaji na washirika, ambako mawasilisho ya PowerPoint yalikuwa bado yamejaa jina la zamani.

Tuchukue wasilisho la kufundisha mawakala. Njia inayowajia wengi ni kufuta sanduku la maandishi, kuchora jipya na kuandika upya. Hapo ndipo mwonekano unapoharibika. Sanduku la kichwa cha slaidi huwa limefungamana na mpangilio ulio nyuma yake, na huko ndiko linakochukua fonti, ukubwa, rangi na mahali pa kukaa. Ukilifuta, uhusiano huo umekatika, na sanduku utakalochora halina habari na mpangilio ule. Basi badilisha herufi, sanduku liache lilivyo.

Anza kwa kuhifadhi nakala ya faili. Kisha bonyeza Ctrl+H ili kufungua dirisha la Replace, na uweke alama kwenye Match case na Find whole words only. Shughulikia jina refu kwanza: Tigo Pesa iwe Mixx by Yas. Baada ya hapo ndipo ugeuze Tigo kuwa Yas. Ukianza na Tigo, kila penye Tigo Pesa utapata "Yas Pesa", huduma ambayo haipo. Tafuta pia TIGO kwa herufi kubwa na TigoPesa iliyoandikwa kwa neno moja, kwa sababu alama ulizoweka zitayaruka maumbo hayo.

Usikimbilie kitufe cha Replace All. Huenda slaidi ya historia inasema, "Tigo Pesa ilizinduliwa mwaka 2010." Hiyo ni kweli. Ukiibadilisha, utakuwa umeandika kwamba Mixx by Yas ilizinduliwa mwaka 2010, na jina hilo wakati huo halikuwepo. Tumia Find Next, soma sentensi nzima, halafu uamue. Anwani za tovuti nazo zinahitaji jicho: maneno yanayosomeka kwenye kiungo yanaweza kubadilika huku kiungo chenyewe kikiendelea kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa zamani.

Utafutaji huu unafika hadi kwenye maelezo ya mzungumzaji, yaani maandishi yaliyo chini ya slaidi ambayo hadhira haiyaoni. Hata hivyo yapitie kwa kufungua View, kisha Notes Page. Humo watu huandika kama wanavyozungumza, na jina la zamani huja kwa vifupisho ambavyo hukuvitafuta, kama "TP" au "T-Pesa".

Jina lililo chini ya kila slaidi lakini likigoma kuguswa, huenda limeandikwa kwenye kiolezo chenyewe. Fungua View, halafu Slide Master, ulibadilishe huko mara moja. Nembo iliyo picha ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague Change Picture, ili picha mpya ishike nafasi ya ile ya zamani.

Sasa angalia urefu. Tigo Pesa ina herufi nane, Mixx by Yas ina tisa na nafasi mbili. Tofauti ni ndogo, lakini kichwa kilichokuwa kimejaa mstari kinaweza kumwagikia mstari wa pili, na PowerPoint ikapunguza maandishi yenyewe ili yatoshe. Utaligundua hilo ukilinganisha namba ya ukubwa wa fonti na ile ya slaidi jirani: moja 36, nyingine 32. Fupisha sentensi kwa kuondoa neno lisilo na kazi, kisha urudishe ukubwa wake.

Mwisho, hifadhi wasilisho kama PDF. Kwenye Options chagua Notes pages, ili kila slaidi itoke pamoja na maelezo yake. Fungua PDF hiyo na utafute "Tigo". Njia hii hufichua mengi ambayo dirisha la Replace haliyafikii, kama maandishi ya kiolezo na ya chati. Kisichoonekana hata hapo ni jina lililo ndani ya picha, kwa mfano picha ya skrini ya simu inayoonyesha menyu ya zamani. Picha hizo hazina mkato. Zipitie moja moja kwa macho, na zile za menyu uzipige upya, maana wakala atafuata anachokiona pichani.