Mshtakiwa Akisema "Ni Kweli"

Asubuhi ya kusomewa mashtaka, mambo huenda mbio. Karani huita jina, mshtakiwa hupanda kizimbani, husomewa shtaka kwa Kiswahili na kuulizwa: ni kweli au si kweli? Kabla sijakaa mwezi mzima nikijifunza kazi katika mahakama ya hakimu hapa Pwani ya Kenya, nilidhani anayejibu "ni kweli" amekwisha kujifunga mwenyewe. Kumbe bado.

Siku moja aliletwa kijana aliyeshtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Alijibu upesi, "Ni kweli." Hakimu hakumtia hatiani. Alimgeukia kiongozi wa mashtaka, naye akasoma maelezo ya tukio: baiskeli ilikuwa imeegeshwa nje ya duka, mshtakiwa akaichukua, mlalamishi akamkuta nayo nyumbani kwake. Hakimu akauliza kama maelezo hayo ni sawa.

"Niliichukua, Mheshimiwa. Lakini ni ya marehemu baba. Kaka aliiuza bila kutuambia."

Hakimu aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akabadilisha jibu likawa "si kweli", na kesi ikapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Kuchukua kitu peke yake si wizi. Lazima pawepo nia ya kudhulumu. Anayeamini kwa dhati kwamba mali ni yake ana utetezi kisheria, hata ikija kubainika kwamba alikosea. Kama kijana huyu aliamini hivyo kweli, ushahidi ndio utakaoonyesha.

Utaratibu huo uliwekwa bayana mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Shtaka na kila kiungo cha kosa huelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Akikiri, maelezo ya tukio husomwa, naye hupewa nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua. Akizua shaka, kukiri kwake hufutwa. Asipozua, ndipo hutiwa hatiani.

Penye upungufu ni hapo kwenye maelezo. Nilipopekua majalada ya zamani, niliona mengine yanarudia tu maneno ya hati ya mashtaka, bila kusema nani alifanya nini, wapi na vipi. Mshtakiwa anayesomewa maelezo ya namna hiyo hana cha kufafanua. Tena wapo wanaokiri kwa kutaka tu yaishe, wakitumaini faini ndogo na kurudi nyumbani jioni.

Kukiri kuna gharama. Kisheria, aliyekiri sawasawa hawezi kukata rufaa kuhusu hatia, ila kuhusu adhabu tu. Mahakama ya juu huweza kuitengua hatia ikiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba kukiri kulikuwa na utata, na utata huo hauonekani asipokuwapo aliyeuandika. Kwa hiyo mwenye "lakini" aitamke pale pale kizimbani, maelezo yakisomwa, hakimu akiwa na kalamu mkononi.