UANDISHI WA BARUA ZA KUOMBA RUHUSA: MAKOSA NA MASAHIHISHO YAKE

Barua ya kuomba ruhusa ikiandikwa vibaya, mwombaji huweza kuhesabiwa mtoro hali ya kuwa alikuwa na udhuru wa haki. Kwa hiyo wafanyakazi wanaombwa kuuzingatia mfano ufuatao:

“Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuarifu kuwa nimepata dharula na nita safiri kwenda Pemba ku muuguza mama yangu toka Jumatatu tarehe 3 mpaka tarehe 10. Nategemea utanikubalia.”

Kwanza, tahajia. Neno sahihi ni “dharura”, si “dharula” wala “zarura”. Aidha, viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa havitenganishwi na kitenzi chao. Huandikwa “nitasafiri” na “kumuuguza”, kila moja likiwa neno moja.

Pili, sarufi na maana. “Husika” likianza sentensi namna hii huwa ni amri, na anayeamrishwa ni mkuu wa kazi. Kichwa cha barua kimekwisha kueleza jambo lenyewe, hivyo sentensi hiyo iachwe. “Kutegemea” ni kuegemea kitu au mtu. Anayengojea jambo analoliona litakuwa “hutarajia”.

Tatu, adabu ya lugha. Anayesema “nakuarifu kuwa nitasafiri” amekwisha kujiruhusu mwenyewe, na mkuu wake hakuachiwa la kuamua. Neno linalofaa ni “naomba”. Vilevile “nategemea utanikubalia” humbana anayeombwa, inatosha kushukuru.

Nne, tarehe, ambazo ndizo zinazoleta mzozo mkubwa zaidi. “Mpaka tarehe 10” hufahamika kwa namna mbili: kwamba siku hiyo mwombaji bado yumo ruhusani, au kwamba siku hiyo amerudi kazini. Afisa Utumishi akifahamu hivi na mwombaji akifahamu vile, siku moja itaandikwa kuwa ya utoro. Dawa yake ni kutaja mambo matatu: idadi ya siku za kazi, siku ya mwisho ya ruhusa, na siku ya kuripoti.

Barua ikisahihishwa itasomeka hivi:

“Naomba ruhusa ya siku 5 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 3 hadi Ijumaa tarehe 7 ya mwezi ujao, ili niende Pemba kumuuguza mama yangu. Nikiruhusiwa, nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 10. Natanguliza shukrani.”

Itaonekana kwamba barua hii haikurefuka sana, bali kila neno lina kazi yake, na Jumamosi na Jumapili hazikuhesabiwa katika siku zilizoombwa.

Inakumbushwa pia kwamba barua, hata ikiwa fasaha, ni ombi tu. Mwombaji asiondoke kabla ya kupata jibu kwa maandishi, na nakala ya jibu hilo aihifadhi.