Mchezaji Akijitoa Katikati ya Mechi, Mkeka Unahesabiwaje?

Tarehe 7 Julai 2025, kwenye uwanja mkuu wa Wimbledon, Grigor Dimitrov wa Bulgaria alikuwa anamtesa Jannik Sinner, mchezaji namba moja duniani. Alishachukua seti ya kwanza 6-3, ya pili 7-5, na katika ya tatu walikuwa 2-2. Alikuwa amebakiza seti moja tu aingie robo fainali. Ghafla akashika kifua upande wa kulia na kwenda chini. Msuli ulikuwa umeachia. Muda mfupi baadaye akajitoa, na Sinner, ambaye hakuwa ameshinda seti hata moja, akasonga mbele. Siku chache baadaye akabeba kombe.

Kwa mtazamaji, hiyo ni habari ya kusikitisha na imekwisha. Kwa aliyeweka dau, ndipo kazi inapoanza. Watu wawili waliompa Dimitrov ushindi kwa odi zinazofanana walipata majibu mawili tofauti: mmoja alirudishiwa pesa yake, mwingine mkeka wake ulichanika. Hakuna aliyedhulumiwa. Walibeti kwa kampuni zenye kanuni tofauti, na tenisi ni kati ya michezo ambayo kanuni za kampuni hutofautiana sana katika jambo hili. Sisi tuliozoea mpira wa miguu tunaingia humo kichwa kichwa. Kwenye soka mchezaji akiumia anaingia mwenzake wa akiba na mechi inaendelea, ila kwenye tenisi ya mchezaji mmoja mmoja mtu akiumia mechi nayo imekufa.

Tuanze na dau la kawaida, la nani atashinda mechi. Kampuni nyingi hufuata moja ya njia tatu. Ya kwanza inataka mechi ichezwe hadi mwisho. Mchezaji akijitoa hata ikibaki gemu moja, madau yote ya mshindi yanafutwa na kila mtu anarudishiwa chake. Ya pili inataka seti moja tu iwe imekamilika. Ikishakamilika, anayesonga mbele ndiye mshindi, na aliyejitoa amepoteza. Ya tatu ni kali zaidi: ukipigwa mpira mmoja tu mechi imeanza, na atakayesonga mbele analipwa.

Sasa irudishe mechi ya Dimitrov kwenye kanuni hizo. Kwenye kampuni ya njia ya kwanza, waliompa Dimitrov na waliompa Sinner wote walirudishiwa dau. Kwenye njia ya pili na ya tatu, waliompa Sinner walilipwa kamili, ingawa mtu wao alikuwa nyuma kwa seti mbili, na waliompa Dimitrov wakaenda na maji. Mtu anasimama dirishani analalamika: "Kaka, mchezaji wangu alikuwa anaongoza seti mbili bila, mnanichaniaje mkeka?" Keshia hana la kumsaidia. Kanuni haitazami nani alikuwa anaongoza. Inatazama nani ameingia raundi inayofuata.

Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu inaonekana vizuri kwenye mechi nyingine inayojulikana. Septemba 2020, kwenye michuano ya wazi ya Marekani, Novak Djokovic aliondolewa mchezoni baada ya mpira alioupiga kwa hasira kumpata mwamuzi wa mstari. Pablo Carreño Busta alikuwa mbele 6-5 katika seti ya kwanza. Kampuni nyingi huhesabu kuondolewa na mwamuzi sawa na kujitoa. Lakini seti ilikuwa haijakamilika. Ilikosa gemu moja. Kwa kanuni ya seti moja, madau ya mshindi yakafutwa. Kwa kanuni ya mpira mmoja, aliyempa Carreño Busta akavuna.

Hapa tusichanganye mambo mawili. Mchezaji akitangaza kujitoa kabla mpira wa kwanza haujapigwa, hilo si suala la kanuni hizi. Mechi haikuwepo, na kwa kawaida madau yake yote yanarudishwa.

Kwenye kubashiri seti mambo yanakuwa magumu kidogo. Mechi ya wanaume ya Wimbledon inamalizwa na atakayetangulia kushinda seti 3, kwa hiyo unabashiri 3-0, 3-1 au 3-2. Kwenye mashindano mengi mengine ni seti 2, na matokeo ni 2-0 au 2-1. Dau hili linahitaji idadi kamili ya seti zinazohitajika ili mtu ashinde. Kwa sababu hiyo, hata kampuni inayolipa mshindi baada ya seti moja haitakulipa 3-0 kwa mechi iliyoishia njiani. Aliyempa Dimitrov 3-0 alikuwa anaiona pesa mkononi, ila matokeo ya 3-0 hayakuwahi kutokea, na dau lake lilirudi jinsi lilivyokuwa.

Na aliyempa Sinner 3-0? Dimitrov alishachukua seti mbili, kwa hiyo ubashiri huo ulikuwa umekufa kabla mtu hajaumia. Hapo kampuni zinagawanyika. Zipo zinazofuta madau yote ya seti bila kuuliza, na huyo anarudishiwa pesa ambayo kwa haki ya mchezo alishaipoteza. Zipo zinazosema kilichokwisha kuamuliwa kimeamuliwa, na mkeka wake unachanika. Maneno ya kutafuta kwenye kanuni ni yale yanayohusu dau ambalo matokeo yake "yameshajulikana bila masharti" kabla ya mchezaji kujitoa. Nionavyo, hiyo ndiyo kanuni yenye akili zaidi kuliko zote, ila inadai mtu ajue kupiga hesabu.

Inafanya kazi hivi. Kampuni inajiuliza: mechi hii ingeendelea na kumalizika kwa njia yoyote inayowezekana, je, dau hili lingeweza kubadilika? Kama jibu ni hapana, linalipwa au linapotea papo hapo. Kama lingeweza kubadilika hata kwa muujiza, linafutwa.

Chukua hendikapu ya seti. Mtu alimpa Dimitrov nyongeza ya seti 1.5. Dimitrov ana seti 2 tayari. Baya kuliko yote ambalo lingempata ni kupoteza 3-2, na ukimwongezea 1.5 anakuwa na 3.5 dhidi ya 3. Dau hilo limeshinda hata angepoteza seti zote zilizobaki. Kampuni inayofuata kanuni ya kilichoamuliwa inalipa. Ile inayofuta kila kitu inarudisha dau tu.

Hendikapu ya gemu inahitaji utulivu zaidi. Hesabu gemu zote zilizochezwa: Dimitrov alikuwa na 6, 7 na 2, jumla 15. Sinner alikuwa na 3, 5 na 2, jumla 10. Tuseme ulimpa Sinner hendikapu ya kutolewa gemu 5.5, yaani ashinde kwa tofauti ya gemu 6 au zaidi. Wakati wa kujitoa alikuwa nyuma kwa gemu 5. Wengi wangesema dau hilo limekufa. Halijafa. Kama Sinner angechukua gemu nne mfululizo na kumaliza seti ya tatu 6-2, kisha akashinda mbili za mwisho 6-0 na 6-0, angefikisha gemu 26 dhidi ya 15. Hiyo ni tofauti ya 11. Kwa kuwa njia hiyo ilikuwepo, hata kama hakuna aliyeitarajia, hendikapu ya 5.5 inafutwa kwa pande zote mbili. Aliyempa Dimitrov nyongeza ya 5.5, akimwona yuko mbele kwa gemu 5, naye anarudishiwa dau bila faida. Anayelipwa ni yule aliyempa Dimitrov nyongeza ya 11.5 au zaidi, kwa sababu hakukuwa na njia yoyote ya Sinner kuvuka 11.

Jumla ya gemu inakwenda kwa mantiki hiyo hiyo, na ina kitu ambacho wabashiri wengi hawakijui. Zilikuwa zimechezwa gemu 25. Aliyeweka Juu ya 22.5 ameshinda, na hilo kila mtu analiona. Lakini aliyeweka Juu ya 28.5 naye anaweza kudai. Seti ya tatu ilikuwa 2-2, na seti haiishi mpaka mtu afike gemu 6, kwa hiyo mwisho wa haraka kuliko wote ulikuwa Dimitrov kushinda 6-2. Hapo jumla ingekuwa 29. Mechi hii isingeweza kuisha kwa chini ya gemu 29. Kampuni zenye kanuni hiyo hutoa mfano mdogo wa namna hii kwenye kurasa zao: mchezaji akijitoa seti ikiwa 4-4, Juu ya 9.5 ya seti hiyo imeshinda, kwa kuwa seti isingeisha kabla ya gemu ya 10. Mbele ya 28.5 hapakuwa na uhakika, kwa hiyo Juu ya 38.5 na Chini ya 38.5 zote zilifutwa. Ukihesabu mwenyewe, kumbuka kwamba tai-breki, hata ikiwa na pointi 20, inahesabiwa gemu moja.

Kwenye mkeka wa mechi nyingi, dau lililofutwa halichani mkeka. Odi yake inageuka 1.00. Tuseme ulikuwa na mechi tatu za odi 1.40, 1.60 na 2.00, ukaweka shilingi 2,000. Zote zikishinda unapata 8,960. Ile ya 1.40 ikifutwa, unabaki na 1.60 mara 2.00, yaani 3.20, na malipo yanashuka hadi 6,400. Kwenye skrini utaona neno Void mbele ya mechi hiyo. Watu hulifikiria kuwa ni hitilafu ya mtandao, wakati ni kanuni inafanya kazi yake.

Wanaobeti mechi ikiendelea ndio wanaojikwaa zaidi. Unamwona mchezaji ameita daktari, anachechemea, nawe unakimbilia kumpa mpinzani wake. Kwenye kampuni inayotaka mechi ikamilike, kile unachokitegemea ndicho kitakachofuta dau lako: akijitoa, unarudishiwa tu. Kwenye kampuni ya seti moja utalipwa, mradi seti moja iwe imekwisha, ila odi nayo huwa imeshaporomoka kwa kuwa kila mtu ameliona jambo lile lile.

Kabla ya kuweka dau la tenisi, fungua sehemu ya kanuni, mara nyingi imeandikwa Tennis, utafute sentensi inayotaja Retirement. Utakuta mistari miwili au mitatu: mmoja wa mshindi wa mechi, mwingine wa seti, gemu na hendikapu. Ukiona umelipwa kinyume na mistari hiyo, hifadhi namba ya mkeka, matokeo ya mechi hadi ilipokatika na picha ya kanuni yenyewe, uwaandikie kampuni kwanza. Wasipokujibu, kwa Tanzania malalamiko yanapelekwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Na kampuni ambayo haijaandika popote inafanya nini mchezaji akijitoa, usiwape pesa yako.