Maoni ya Tathmini kwa Mfanyakazi Aliye Katika Kipindi cha Majaribio

Wakazi wengi wa kaunti hii ni waajiri bila kujihesabu hivyo. Kuna mwenye duka la jumla na vijana wawili, mwenye shule ya chekechea, mwenye kliniki, na msimamizi katika ofisi ya umma ambaye ameletewa karani mpya. Wote hufika mahali pamoja: miezi mitatu imepita, mfanyakazi mpya anasuasua, na fomu ya tathmini iko mezani ikiwa na nafasi ya mistari sita iliyoandikwa "Maoni ya msimamizi". Hapo ndipo watu huandika "Aongeze bidii", wakatia sahihi na kuendelea na kazi nyingine.

Miezi mitatu baadaye mfanyakazi anaitwa na kuambiwa hakufaulu. Anauliza alikosea wapi na hakuna karatasi inayomjibu.

Kwanza tuangalie sheria inasema nini, maana ndiyo inayoweka muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 42, inasema kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa kwa muda mwingine usiozidi miezi sita, lakini kwa makubaliano na mfanyakazi, si kwa amri ya bosi. Kwa jumla mtu hawezi kuwekwa kwenye majaribio zaidi ya miezi 12. Upande wowote unaweza kuvunja mkataba huo kwa notisi isiyopungua siku saba, au mwajiri akalipa mshahara wa siku saba badala ya notisi. Kwa miaka mingi waajiri walielewa kifungu hicho kuwa mtu wa majaribio hana haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kuwa kumnyima haki hiyo ni kinyume cha Katiba. Kwa hivyo maoni unayoandika katika mwezi wa tatu yanaweza kuwa ndiyo karatasi ya kwanza kutafutwa siku moja mkikaa kusikilizana.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni na tukae nao. Kampuni ya maji imeajiri msomaji wa mita kwa majaribio ya miezi sita. Amepewa njia yenye mita 300, azisome kila mwezi na kurudisha daftari ofisini kufikia tarehe 20, kwa sababu bili huanza kuchapishwa tarehe 21. Mwezi wa kwanza alitembea na mwenzake mzoefu. Mwezi wa pili na wa tatu alikuwa peke yake. Mwezi wa pili alirudisha daftari tarehe 24, wa tatu tarehe 23. Katika mwezi wa tatu, mita 27 kati ya 300 zilipatikana na usomaji usio sahihi, na ofisi ikalazimika kumtuma mtu mwingine azirudie. Wasomaji wazoefu wa njia za jirani hukosea mita tatu au nne kwa mwezi.

Msimamizi wake aliandika hivi mara ya kwanza: "Hana umakini. Anachelewa. Wateja wamelalamika. Aboreshe utendaji kazi."

Hakuna neno la uongo hapo, na bado maoni hayo hayafai. "Hana umakini" ni hukumu juu ya moyo wa mtu, na moyo hauwezi kupimwa tarehe 20 ya mwezi ujao. "Anachelewa" hayasemi ni siku ngapi wala mara ngapi. "Wateja wamelalamika" inaweza kuwa mteja mmoja au hamsini. Na "aboreshe" haina mwisho, kwani hata akipunguza makosa kutoka 27 hadi tano, msimamizi bado anaweza kusema hajaboresha vya kutosha. Mtu hawezi kufaulu mtihani ambao alama yake ya kupita haijatajwa.

Kabla ya kuandika upya, msimamizi alifanya jambo ambalo wengi hulikwepa kwa sababu linakula nusu siku: alichukua makosa yale 27 na kuyapitia moja baada ya jingine. Nane yalikuwa ya kuchanganya nyumba, usomaji wa jirani kuandikwa kwa jirani. Mengine 19 yalikuwa ya namna moja. Mita ya maji ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo yuniti zinazolipiwa, yaani mita za ujazo. Nyekundu ni sehemu tu ya yuniti na haziandikwi daftarini. Kijana alikuwa akiingiza tarakimu nyekundu ya kwanza. Mita iliyoonyesha 0214 kwa nyeusi na 7 kwa nyekundu ilisomwa 2147. Mwezi uliotangulia ilikuwa 206, kwa hivyo nyumba iliyotumia yuniti 8 ikaonekana imetumia 1,941.

Tena, makosa 17 kati ya hayo 19 yalitoka mtaa mmoja wenye mita za zamani ambazo kioo kimeingia ukungu na rangi nyekundu imepauka kwa jua. Katika mwezi wake wa mafunzo, mtaa huo ulisomwa siku ambayo yeye alikuwa ofisini akijaza fomu za benki na bima. Hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Hilo linabadilisha maoni. Halimwondolei lawama yote, maana daftari lina safu ya usomaji wa mwezi uliopita, na mtu anayeandika 2147 chini ya 206 angepaswa kushtuka. Lakini sasa kosa lina jina na linaweza kufundishwa. Nawasihi wasimamizi wenzangu: ukiona makosa mengi ya mtu mpya yamekusanyika mahali pamoja, tafuta kwanza ni nini hakufundishwa.

Maoni yaliyoandikwa upya yalikuwa haya:

"Umesoma mita zote 300 katika miezi miwili ya kwanza peke yako bila kuruka hata moja, na hakuna mteja aliyelalamika juu ya lugha yako. Hilo liendelee hivyo. Mambo mawili hayajafikia kiwango. La kwanza, mwezi wa tatu mita 27 zilisomwa vibaya. 19 ni kwa kuingiza tarakimu nyekundu, nane ni kwa kuchanganya nyumba. La pili, daftari lilifika tarehe 24 na tarehe 23 badala ya 20, na bili za njia yako zikachelewa kuchapishwa. Ofisi inakiri kwamba hukuonyeshwa mita za zamani wakati wa mafunzo. Wiki hii utazunguka mtaa huo na msomaji mzoefu kwa siku moja. Kuanzia sasa, kabla ya kuondoka kwenye geti, linganisha usomaji na ule wa mwezi uliopita. Tofauti ikizidi mara mbili ya kawaida ya nyumba hiyo, soma tena. Soma mita 60 kwa siku, ili siku tano za kazi zitoshe. Kila Ijumaa ya wiki ya usomaji nitarudia mita 15 kati ya zako na kukuonyesha matokeo siku hiyo hiyo. Ili uthibitishwe kazini: mwezi wa nne makosa yasizidi 10, mwezi wa tano yasizidi tano, na daftari lifike kufikia tarehe 20 katika miezi yote miwili. Tutakaa tena mwisho wa mwezi wa nne na mwisho wa mwezi wa tano."

Ni marefu kuliko mistari sita, basi ambatisha karatasi. Angalia kwamba sifa iliyo mwanzoni nayo ina hesabu ndani yake. "Ni kijana mwenye heshima" haimsaidii. Kujua kwamba hakuruka mita hata moja kunamwambia ni kipi asikivuruge anapoongeza kasi. Angalia pia kwamba kiwango cha mwisho ni makosa tano, si matatu kama wazoefu. Kumdai mtu wa miezi mitano afanye sawa na mwenye miaka sita kazini si haki, ila kumthibitisha mwenye makosa 20 nako ni kuwaonea wateja. Na kiwango kinashuka kwa hatua, ili ujue mapema kama anakaribia.

Mwite, msome pamoja, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe anachotakiwa kufanya ili apite. Akisema "nitie bidii", hujaeleweka; rudia. Akisema "makosa kumi mwezi ujao, matano unaofuata, daftari tarehe ishirini", mko pamoja. Mpe nafasi ya kuandika maoni yake pia. Katika mfano huu aliandika kwamba nyumba nyingi za njia yake huwa na geti lililofungwa hadi saa kumi jioni, na ndiyo sababu ya kuchelewa. Msimamizi akakubali aanze kazi saa nne kwa siku mbili za mtaa huo na kumaliza jioni. Sahihi yake kwenye fomu inamaanisha ameyaona maoni, si lazima kwamba ameyakubali. Mweleze hivyo, kwa sababu wengi hukataa kutia sahihi wakidhani wanakiri kosa. Mpe nakala.

Baada ya hapo hatari kubwa inatoka upande wa msimamizi. Ijumaa mbili zinapita bila kurudia zile mita 15 kwa sababu kulikuwa na mkutano. Au, jambo baya zaidi, mwezi wa tano unaletwa kipimo kipya ambacho hakikuandikwa, kama vile sare au namna anavyopokea simu. Kama jambo jipya ni zito kweli, liandike na ulipe muda wake, lakini usilitumie kumwangusha mtu aliyetimiza ulichomwandikia. Na kama wewe hukutimiza sehemu yako, andika hivyo kwenye tathmini inayofuata.

Tuseme mwezi wa nne alikuwa na makosa tisa na daftari likafika tarehe 19. Mwezi wa tano makosa sita, daftari tarehe 20. Kiwango kilikuwa tano. Hapa msimamizi hawezi kujifanya haoni, wala hana sababu ya kumfukuza mtu aliyetoka 27 hadi sita. Mkataba bado una mwezi mmoja, kwa hivyo hata kuongeza muda hakuhitajiki. Maoni yake yalikuwa mafupi: "Makosa sita, kiwango ni tano. Manne kati ya hayo ni ya kuchanganya nyumba katika ploti moja yenye mita 12 zisizo na namba. Fundi atazipaka namba kabla ya tarehe 10. Mwezi wa sita makosa yasizidi tano, mengine yote yamefikiwa. Ukifikia hilo barua ya kuthibitishwa itatoka kabla mkataba wa majaribio haujaisha."