Neno 'amesema' lina siri: Jinsi ya kusaka maneno yasomekayo mbele na nyuma

MIAKA kadhaa iliyopita niliandaa mraba wa herufi kwa wanafunzi wa shule moja mjini Machakos. Walitakiwa kusaka maneno 12 yaliyofichwa, na ambaye angeyapata yote angetuzwa kamusi. Msichana mmoja aliandika 'aibu' mahali nilipoficha 'ubia'. Nilimkata alama, naye akakosa kamusi.

"Mwalimu, herufi ni zilezile," alilalama.

Nilipouchunguza mraba ule jioni, niligundua kwamba alikuwa amesema kweli. Ukilisoma neno 'ubia' kutoka mwisho, unapata 'aibu'. Kosa lilikuwa langu.

Maneno ya aina hii ni ya makundi mawili. Kuna yale yanayobakia vilevile yakisomwa kinyume, mathalani 'utu', 'ini' na 'aya'. Hata Ulu, kituo kwenye reli ya zamani ya kutoka Mombasa kuelekea Nairobi, kimo katika kundi hili. Kundi la pili ni la maneno yanayozaa neno jingine, kama 'ubia' na 'aibu', au 'uma' na Amu, jina ambalo wenyeji huuita mji wa Lamu.

Mchezo huu usichanganywe na kinyume cha watu wa pwani, ambacho Askofu Edward Steere alikitaja katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mnamo 1870. Katika kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa, hivi kwamba 'kitabu' huwa 'bukita'. Huo ni mchezo wa sikio. Huu wetu ni wa jicho, na hugeuza herufi moja baada ya nyingine.

Kwa nini basi maneno haya ni adimu? Sababu ni kwamba takriban maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu. Kwa hivyo, neno linaloanza kwa konsonanti likigeuzwa huishia kwa konsonanti, na aghalabu halina maana. Anayesaka na aweke kando 'meza', 'kiti' na 'daftari' bila kupoteza wakati. Atazame yale yanayoanza kwa irabu pekee.

Kizuizi cha pili ni konsonanti zinazoandamana. 'Akifika' husomeka sawa pande zote mbili, lakini 'akishika' haliwezi, kwa kuwa 'sh' hugeuka 'hs'. Vivyo hivyo kwa 'nd', 'mb', 'ny' na 'kw'.

Hazina kubwa imo katika vitenzi vya nafsi ya tatu umoja, kwa kuwa kiambishi 'a' huanzisha neno na irabu 'a' hulifunga. Kinachobaki ni kupata kitenzi ambacho mwisho wake ni kivuli cha wakati uliotumika. Wakati wa 'me' huhitaji kitenzi kinachoishia kwa 'ema', ndipo tunapata 'amesema', 'ametema' na 'amehema'. Wakati wa 'ki' huhitaji 'ika', na hutupa 'akipika', 'akizika' na 'akiwika'. Wakati wa 'ka' hutupa 'akataka', 'akadaka' na 'akasaka', nao wa 'na' hutupa 'anakana' na 'anabana'.

Sisi wahariri huyapitisha maneno haya kila siku bila kuyatambua. 'Amesema' hujaa katika taarifa za magazeti, na vichwa vya habari havikosi 'anena', 'ateta' na 'abeba'.

Katika mraba, usianze na herufi ya kwanza. Tafuta herufi yenye jirani wanaofanana kushoto na kulia, au juu na chini. Tuseme umeona 's' katikati ya 'e' mbili. Sogea hatua moja kila upande: ukikuta 'm' na 'm', endelea. Ukikuta 'a' na 'a', umelinasa neno 'amesema'. Pindi herufi mbili zinapotofautiana, simama hapo na uangalie kama ulichokipata ni neno kamili.

Maneno ya jozi hayana kitovu cha namna hiyo. Kila unapopata neno linaloanza na kuishia kwa irabu, lisome tena kutoka mwisho. 'Alika' litakupa 'akila', 'anika' litakupa 'akina', 'afika' litakupa 'akifa' na 'azua' litakupa 'auza'. Usisahau pia vipande: Machakos lenyewe halina maana likigeuzwa, lakini herufi zake nne za mwisho zikisomwa kinyume ni 'soka'.

Ushauri wangu kwa waandalizi wa mafumbo ni huu: kabla ya kuchapisha, soma kila jibu kinyume. Likizaa neno jingine, ama libadilishe ama uyakubali yote mawili. Na neno lisomekalo sawa pande zote lihesabiwe mara moja tu, hata kama mshindani amelizungushia duara mara mbili.

Nilirudi shuleni wiki iliyofuata nikiwa na kamusi ya pili.